Kitabu kilikuwa sawa, ampuli zilipungua: kisa cha pethidini katika famasia ya hospitali

Usuli

Kisa hiki ni cha famasia ya hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Jina la hospitali, watumishi, namba za bechi na mwaka vimeondolewa. Tarehe zimesogezwa kidogo, ila idadi na mfuatano wa matukio vimeachwa vilivyo, kwa sababu somo lote limo kwenye hesabu.

Dawa inayohusika ni pethidini ya sindano, ampuli ya miligramu 100 katika mililita 2. Wodi ya wazazi hupewa kwa ajili ya maumivu ya uchungu, na tieta huitumia kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji. Imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, kwa hiyo kila ampuli inapaswa kuwa na maelezo tangu inapopokelewa hadi inapochomwa mgonjwa sindano au inapoteketezwa.

Famasia hiyo ilikuwa na utaratibu ambao mkaguzi yeyote angeusifu. Kabati la chuma lilikuwa na mlango ndani ya mlango. Kitabu cha DDA, yaani cha dawa zinazodhibitiwa, kilikuwa na jalada gumu na kurasa zenye namba, na kila dawa na nguvu yake ilikuwa na ukurasa wake. Kwenye ukurasa kulikuwa na tarehe, ilikotoka au ilikokwenda, namba ya hati, zilizoingia, zilizotoka, salio, na nafasi ya saini mbili. Mwisho wa kila mwezi watu wawili walihesabu, wakaandika "hesabu sawa" kwa wino mwekundu na kutia saini. Nilipokifungua kitabu hicho niliona miezi mingi ya wino mwekundu bila mwezi mmoja wenye tofauti.

Kitu kimoja hakikuwemo: safu ya bechi. Namba za bechi zilibaki kwenye hati za kupokelea mzigo kutoka Bohari ya Dawa, na kwenye fomu za kuombea dawa wale waliotoa walipokumbuka kuziandika. Bahati nzuri walikumbuka mara nyingi.

Yaliyotokea

Mwisho wa Machi kulikuwa na bechi mbili kabatini. Ya zamani, nitaiita A, ilikuwa inaisha muda tarehe 31 Machi. Ya pili, B, ilikuwa na zaidi ya mwaka mbele yake. Siku hiyo ya 31 salio kitabuni lilikuwa 86.

Mteknolojia dawa aliyekuwa zamu alifanya jambo la kawaida. Aliziondoa ampuli za bechi A kwenye rafu, akazitia kwenye boksi la katoni, akaandika juu yake kwa kalamu nene "ZIMEISHA MUDA – ZISITUMIKE", akaliweka rafu ya chini ya kabati lile lile. Kisha akahesabu zilizobaki juu, akapata 62. Kitabu kilisema 86. Alichukua 86, akatoa 62, akaandika kwenye safu ya zilizotoka: 24, zimeisha muda. Salio likawa 62. Mwenzake alikuja, akahesabu rafu ya juu, naye akapata 62. Hesabu sawa, saini mbili.

Boksi lililoandikwa kwa kalamu nene halikufunguliwa na yeyote kwa ajili ya kuhesabu. Si siku ile, wala mwezi uliofuata, wala miezi mitano iliyofuata. Hapakuwa na sababu ya kulihesabu, maana kwenye kitabu zile ampuli zilikuwa zimeshatoka.

Kuteketeza dawa zinazodhibitiwa si kazi ya mchana mmoja. Hospitali huandaa orodha yenye jina la dawa, nguvu, bechi, tarehe ya kuisha na idadi. Orodha hupitia kwa mganga mfawidhi. Maombi huenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Halafu husubiriwa siku ya uhakiki na mashahidi. Hospitali ndogo hungoja mpaka dawa zilizoisha muda zijae kiasi ndipo ziombewe kwa pamoja. Hapa orodha iliandaliwa Juni kwa kunakili kitabu, na pethidini ikaandikwa ampuli 24.

Tarehe 9 Septemba, siku mbili kabla ya uhakiki, mfamasia mpya aliyekuwa amehamia miezi miwili nyuma alitaka kuzifunga dawa hizo vizuri. Alilifungua boksi mbele ya muuguzi mfawidhi. Walihesabu mara tatu. Zilikuwa ampuli 19.

Maamuzi ya siku ya kwanza

Uamuzi wake wa kwanza ndio uliookoa kazi yote iliyofuata: hakugusa kitabu. Palikuwa na ushauri wa aina mbili pale pale, na wote ulitolewa kwa nia njema. Mmoja alisema orodha ibadilishwe iandikwe 19, kwani haijafika kwa mkaguzi. Mwingine alisema iandikwe kwamba tano zilivunjika. Ushauri wa kwanza ungeacha kitabu kikisema 24 na cheti cha uteketezaji kikisema 19. Wa pili ungekuwa uongo wenye saini mbili, na tena wa kipumbavu, kwa sababu ampuli ikivunjika ndani ya boksi huacha vigae na doa kwenye katoni. Boksi lile lilikuwa safi.

Alizitia ampuli 19 kwenye bahasha ngumu, akaandika idadi na bechi, wote wawili wakatia saini juu ya mkunjo na kuupiga lakiri. Aliandika taarifa ya nusu ukurasa kwa mganga mfawidhi siku ile ile, na uhakiki wa pethidini ukaombewa kuahirishwa huku dawa nyingine zikiendelea. Kisha funguo zikakusanywa. Zilikuwa seti mbili, na watu wanne walikuwa wamezishika kwa nyakati tofauti tangu Machi. Tarehe za kupokezana funguo hazikuwa zimeandikwa popote.

Mimi niliitwa wiki hiyo kama mfamasia kutoka nje, asiye na mkono kwenye kitabu.

Kuijenga upya hesabu

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya hapa ni kuanza na kuuliza nani kaiba. Swali la kwanza ni je, kweli zilikuwa 24? Kitabu kilisema hivyo, lakini nilipomuuliza aliyeandika aliniambia bila kusita namna alivyoipata: "Nilitoa tu, mzee. Themanini na sita kutoa sitini na mbili." Hakuwa anaficha chochote. Ila kwa maneno hayo ilijulikana kwamba 24 haikuwahi kuhesabiwa. Ilikuwa tofauti kati ya kitabu na rafu, ikapewa jina la dawa zilizoisha muda.

Kwa hiyo tuliweka salio pembeni, tukaifuata kila bechi peke yake kwa karatasi zake. Bechi A ilipokelewa ampuli 60 kwa hati moja. Nakala za fomu za kuombea dawa zilionyesha 38 zilitoka kwenye bechi hiyo kwenda tieta na wazazi. Zilizopaswa kubaki tarehe 31 Machi ni 22. Bechi B ilipokelewa ampuli 100, na zilizoandikwa kutoka hadi siku hiyo ni 36, kwa hiyo zilipaswa kuwa 64. Ukijumlisha 22 na 64 unapata 86, sawasawa na kitabu. Kitabu, basi, hakikuwa na kosa la kujumlisha.

Lakini rafu ya juu ilihesabiwa na watu wawili wakapata 62, wakati bechi B ilipaswa kuwa 64. Ampuli mbili nzima zilikuwa zimeondoka bila kuandikwa kabla ya mwisho wa Machi.

Hapo tulihamia wodini. Kila wodi inayotunza dawa hizi ina kitabu chake: upande mmoja inaandika ilichopokea kutoka famasia, upande mwingine jina la mgonjwa, dozi, aliyechoma na shahidi, pamoja na mabaki yaliyomwagwa pale mgonjwa anapopewa miligramu 50 kutoka ampuli ya 100. Tulichukua mistari yote ya "imepokelewa kutoka famasia" ya wazazi kwa miezi mitatu, tukatafuta mwenza wake kwenye kitabu cha famasia. Mistari yote ilipata mwenza isipokuwa mmoja: usiku wa tarehe 17 Machi, ampuli 2, bechi B.

Nikamwuliza muuguzi aliyetia saini, "Sista, hizi mbili mlizipata kwa nani usiku ule?"

"Kwa wa zamu wa famasia. Tulikuwa na mama wawili wa oparesheni kwa mpigo. Fomu nilimpa mkononi, kitabu akasema ataandika asubuhi."

Fomu tuliikuta ndani ya faili la mwezi Machi, imebanwa nyuma ya fomu ya vitendanishi, ikiwa na saini zote isipokuwa alama ya kuonyesha kwamba imeingizwa kitabuni. Majalada ya wagonjwa yalionyesha dozi mbili za miligramu 100. Ampuli hizo zilifika kwa wagonjwa.

Sasa picha ikawa wazi. Ampuli mbili zilitoka usiku bila kuandikwa, kwa hiyo rafu ilikuwa na upungufu wa mbili ambao ungeonekana mwisho wa Machi. Haukuonekana kwa sababu siku hiyo hiyo idadi ya zilizoisha muda ilipatikana kwa kutoa, na ule upungufu ukamezwa humo. Boksini zilipaswa kuingia 22, zikaandikwa 24. Septemba zilikutwa 19. Kati ya tano zilizodhaniwa kupotea, mbili zilipata maelezo kamili. Tatu hazikupata.

Hizo tatu tulizifuata kadiri karatasi zilivyoruhusu. Hakuna fomu, hakuna mstari wa wodi, hakuna mgonjwa aliyeandikiwa pethidini mwezi ambao famasia haikuitoa. Ampuli 19 zilizobaki tulizikagua moja moja kwenye mwanga: namba ya bechi kwenye kioo, shingo isiyo na mkwaruzo wala gundi, ujazo ulio sawa. Zote zilikuwa nzima na za bechi A. Kwamba zilitolewa kabla ya 9 Septemba tunaweza kusema. Nani na lini, hapana, na hakuna hesabu ya karatasi ambayo ingeweza kusema, kwa sababu kwa miezi mitano boksi lile halikuwa mali ya kitabu chochote.

Kusahihisha kitabu

Kitabu cha dawa hizi hakifutwi, hakipakwi wino mweupe, na mstari wa zamani hauandikwi juu. Masahihisho huingia kama mistari mipya ya siku yanapofanywa, yakitaja ukurasa na mstari wa kosa. Siku ya masahihisho salio lilikuwa 47, na rafu ya juu ilikuwa na 47. Ukurasa ukaendelea hivi:

| Maelezo | Zilizoingia | Zilizotoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Salio lililoletwa | | | 47 |
| Kurejesha bechi A iliyotolewa 31 Machi kabla ya kuteketezwa | 24 | | 71 |
| Wazazi, usiku wa 17 Machi, fomu iliyochelewa | | 2 | 69 |
| Upungufu, taarifa kwa mganga mfawidhi | | 3 | 66 |

Ampuli 66 ndizo zilizokuwa kabatini: 47 nzima na 19 ndani ya bahasha. Ninapenda mstari wa mwisho usimame peke yake na kuitwa upungufu. Neno "marekebisho" lingetosha kihesabu, lakini lingemnyima msomaji wa miaka mitatu ijayo habari yenyewe.

Matokeo

Taarifa ya upungufu ilikwenda kwa mganga mfawidhi, kwa mfamasia wa mkoa na kwa mamlaka zinazosimamia dawa hizi. Watumishi wanne walihojiwa. Hakuna aliyeadhibiwa kwa wizi, kwani hapakuwa na ushahidi dhidi ya yeyote. Barua za onyo zilitolewa kwa kutoandika makabidhiano ya funguo. Mmoja wa waliopewa barua alikuwa ndiye aliyekuwa mkweli zaidi kuhusu ile 24, jambo ambalo kwangu halikuwa la haki, kwani kila mtu pale alifundishwa kuandika zilizoisha muda kwa namna ile ile.

Uteketezaji ulifanyika Novemba mbele ya mashahidi. Lakiri ilikaguliwa kwanza, bahasha ikafunguliwa, ampuli zikahesabiwa kwa sauti. Ampuli hazitupwi kwenye tanuru zikiwa zimefungwa, maana hupasuka na kurusha vioo. Hizi zilipondwa ndani ya ndoo ya chuma, mpondaji akiwa na glavu, miwani na buti. Kilichobaki kikachanganywa na chokaa, saruji na maji, kikaachwa kigande ili kisiweze kuokotwa na kutumiwa. Ndipo 19 zilipoandikwa kutoka, kwa namba ya cheti cha uteketezaji, na salio likawa tena la ampuli nzima tu.

Uchambuzi

Chanzo cha yote ni tafsiri moja ya salio. Famasia ile ililichukua salio kuwa idadi ya ampuli zinazoweza kutolewa kwa mgonjwa. Kwa dawa za kawaida, parasetamo kwa mfano, hilo halina madhara makubwa, na ndivyo leja ya stoo inavyosomwa. Kwa dawa hizi salio ni idadi ya ampuli zilizo chini ya dhamana yako, ziwe nzima, ziwe zimeisha muda, ziwe zimerudishwa na wodi baada ya mgonjwa kufariki. Ampuli iliyoisha muda ina thamani ile ile kwa anayeitafuta kwa matumizi mabaya; pethidini haigeuki maji tarehe 1 Aprili. Kinachoitoa kitabuni ni cheti cha uteketezaji. Kuhamia rafu ya chini hakuitoi.

Zipo famasia zinazofungua ukurasa wa pili kwa zilizoisha muda: zinatoka ukurasa wa kwanza na kuingia wa pili siku hiyo hiyo, kwa saini zile zile. Hiyo ni sawa kabisa, mradi ukurasa wa pili nao uhesabiwe kila mwezi. Hospitali hii ilichagua kubaki na ukurasa mmoja na kuongeza safu ya bechi. Naona walichagua vizuri kwa famasia yenye watu wachache, kwa sababu ukurasa wa pili huwa wa kwanza kusahaulika.

Jambo la pili ni namna ya kuhesabu. Watu wawili walitia saini, na wote walihesabu kwa uaminifu. Lakini walihesabu wakijua jibu. Sasa anayehesabu hupewa karatasi tupu yenye majina ya dawa na bechi, anaijaza akiwa kabatini, na kitabu hufunguliwa baada ya yeye kutia saini. Kwa karatasi hiyo kosa la Machi lingejitokeza siku ile ile: bechi B 62 badala ya 64, na fomu ya usiku ingetafutwa ikiwa na wiki mbili tu. Hakuna idadi inayoruhusiwa kupatikana kwa kutoa.

Tena, hesabu kulingana na kitabu hakuthibitishi kuwa kitabu ni sahihi. Ukurasa huu ulikuwa na makosa mawili yaliyobebana, na rafu ikakubali. Kilichoyatenganisha ni kulinganisha na karatasi zilizo nje ya famasia: hati ya Bohari kwa kilichoingia, kitabu cha wodi kwa kilichotoka, cheti kwa kilichoteketezwa. Hospitali imeanza kufanya ulinganisho huo kwa dawa moja kila mwezi, na zamu hiyo ikizunguka kila dawa hufikiwa mara kadhaa kwa mwaka. Kufanya zote kila mwezi walijaribu, wakaacha mwezi wa pili, na sikushangaa.

Kilichofanya kazi tangu mwanzo pia kisemwe. Fomu za nakala zilihifadhiwa, ndiyo maana bechi ziliweza kufuatwa. Kitabu cha wazazi kilikuwa safi kuliko cha famasia. Na mfamasia aliyelifungua boksi siku mbili kabla ya uhakiki aliita shahidi kwanza. Kama angelifungua peke yake, leo angekuwa mtu wa tano kwenye orodha ya waliohojiwa.

Bado kuna pengo. Hesabu ya ampuli haimtambui mtu anayetoa dawa kwa ustadi na kujaza maji, na haisemi lolote kuhusu mililita moja inayodaiwa kumwagwa wodini ilhali shahidi ametia saini bila kuiona. Mofini ya maji ya kunywa nayo haifuati utaratibu huu sawasawa, kwani kila kipimo kinachomiminwa huacha kidogo kwenye chupa na silinda, na tofauti ndogo ya ujazo ni ya kawaida. Pale wamekubaliana kuhesabu chupa zilizofungwa na kupima ile moja iliyo wazi.

Baada ya pethidini tulipitia kurasa nyingine za kitabu kile kwa njia ile ile ya bechi. Ketamini na fentanili zilikuwa sawa. Ukurasa wa dayazepamu ya sindano ulikuwa na mstari wa mwaka uliotangulia, "zimeisha muda", wenye idadi inayolingana kabisa na tofauti ya kitabu na rafu siku hiyo, na hauna cheti. Boksi lake halikuwepo.